Sura ya 6: Pakiti Moja, Sekunde 90 – Kupanga Katuni ya Afya Itakayosambazwa kwa Simu

Je, mtu anayetaka kutengeneza katuni ya afya kwa Kiswahili aanzie wapi? Swali hili huulizwa na wahudumu wa afya ya jamii, walimu, vijana wanaojua kuchora na vikundi vidogo vya wilayani, na kwa kawaida hufuatwa mara moja na mengine mawili, yaani programu gani ya kompyuta inafaa na kazi nzima itagharimu kiasi gani. Sura hii inashikilia kwamba maswali hayo mawili yanapaswa kusubiri, kwa sababu mpango wa katuni huanzia kwenye mkono wa mtazamaji: akishaitazama atafanya tendo gani, atakuwa ameshika kitu gani wakati huo, na akikosea kipimo kitatokea nini. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua urefu wa katuni, michoro yake, maneno yake na hata uzito wa faili lake.

Ili hoja hiyo ionekane kwa vitendo, sura nzima itafuata mfano mmoja kuanzia wazo hadi majaribio, nao ni katuni ya sekunde 90 inayomwonyesha mzazi namna ya kuchanganya na kumpa mtoto anayeharisha ORS. Hii ni dawa ya unga inayouzwa au kugawiwa katika pakiti ndogo, yenye chumvi na sukari kwa uwiano maalumu, ambayo huyeyushwa katika maji safi ili kumrudishia mgonjwa maji na chumvi anazopoteza. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu tendo lenyewe linaonekana jepesi, na wepesi huo ndio unaowaponza watayarishaji wengi.

Kujua mengi, kuonyesha machache

Mtayarishaji anapaswa kuifahamu dawa hii vizuri kuliko katuni yake itakavyoeleza. Utumbo wa mtu anayeharisha hushindwa kunyonya maji ipasavyo, lakini sukari na chumvi zikifika pamoja kwa uwiano unaofaa, sukari huisaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji huifuata chumvi hiyo kuingia mwilini. Kwa hiyo maji matupu hayatoshi, na soda au juisi yenye sukari nyingi inaweza hata kuzidisha kuharisha. Fomula inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ina gramu 20.5 za unga kwa lita 1 ya maji, na uwiano huo ndio unaoipa dawa nguvu yake.

Maelezo hayo ya utumbo yanavutia, na mchoraji hodari atatamani kuyachora. Hata hivyo, ukuta wa utumbo hauonekani jikoni, na mzazi hahitaji kuujua ili apime maji sawasawa. Kila sekunde inayotumiwa kuchora utumbo hupunguza muda wa kuonyesha chupa, kijiko na pakiti, ambavyo ndivyo vitu atakavyovishika. Elimu ya utumbo imsaidie mtayarishaji kuamua kipi hakiwezi kuachwa, kisha ibaki kwenye daftari lake.

Kuna jambo moja la kitabibu ambalo halipaswi kuachwa kamwe, ingawa katuni nyingi huliruka. ORS haizuii kuharisha. Inachofanya ni kurudisha kilichopotea, na mtoto anaweza kuendelea kuharisha kwa siku kadhaa huku dawa ikifanya kazi yake ipasavyo. Mzazi ambaye hakuambiwa hivyo humpa mtoto vikombe viwili, huona hali ya choo haijabadilika, huamua kwamba dawa haifai na huiacha, pengine akaenda kununua vidonge vya kufunga tumbo ambavyo havifai kwa mtoto mdogo. Katuni inayomwonyesha mtoto akinywa na papo hapo akiinuka kucheza mpira inapanda mbegu ya kukata tamaa huko. Mwisho wa namna hiyo hupendeza machoni, lakini mtayarishaji anayejali afya ya mtoto lazima aukatae.

Tendo moja, sentensi moja

Kabla ya kuandika muswada, yaani maandishi kamili ya kile kitakachosemwa na kuonyeshwa, mtayarishaji huandika sentensi moja inayotaja mtazamaji, tendo na kitu kilicho mkononi. Kwa mfano wetu sentensi hiyo ni hii: mzazi mwenye mtoto anayeharisha atachanganya pakiti yote ya ORS katika kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti hiyo, na ataendelea kumpa mtoto kidogokidogo hata kama bado anaharisha.

Sentensi hii inaacha nje mambo mengi ya kweli na yenye faida. Vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa pamoja na ORS kwa siku 10 hadi 14 ili kupunguza muda na ukali wa ugonjwa, havimo. Ujenzi wa choo haumo, wala utibuji wa maji ya kisimani au chanjo ya rota. Wadau watakaosoma rasimu wataomba kila kimoja kiingizwe, na maombi yao yatakuwa na msingi. Jibu linalofaa ni kwamba zinki inastahili katuni yake, kwa kuwa ina kipimo chake, siku zake na namna yake ya kuyeyushwa kwenye kijiko. Video mbili za tendo mojamoja hutafutwa kwa urahisi ndani ya simu wakati wa haja, ilhali video ya dakika sita yenye mambo yote humlazimu mzazi aliye na mtoto mgonjwa mapajani kusogeza mbele na nyuma akitafuta kipande kimoja.

Tatizo la chupa

Hapa ndipo penye ugumu halisi wa katuni hii. Mchoraji akipewa sentensi tuliyoiandika hapo juu, huenda akachora chupa ya maji ya lita 1 na mkono ukimimina unga ndani yake. Mchoro huo ni sahihi kwa pakiti ya lita 1. Lakini pakiti za ORS hazilingani: zipo za lita 1, zipo za nusu lita, ambazo zimeenea sana nchini Kenya, na zipo pia za mililita 200. Katuni iliyotengenezwa Mwanza haina kizuizi cha kuvuka mpaka. Dada aliyeko Tarime anaituma kwa shemeji yake aliyeko Migori, na kabla ya jioni imefika Kisumu, ambako pakiti iliyo kabatini yaweza kuwa ya nusu lita.

Pakiti ya nusu lita ikichanganywa na lita 1, dawa huwa nyepesi mno na mtoto hukosa chumvi anazozihitaji. Kinyume chake ndicho cha hatari zaidi. Pakiti ya lita 1 ikichanganywa na nusu lita, mchanganyiko huwa na chumvi maradufu, na chumvi ikizidi katika damu ya mtoto mdogo inaweza kumletea degedege. Kwa hiyo chupa iliyochorwa kwa nia njema inaweza kumdhuru mtoto ambaye mtayarishaji hakumfikiria, katika nchi ambayo hakuilenga.

Kuna njia tatu za kulikabili tatizo hili. Ya kwanza ni kuonyesha chombo chochote bila kutaja kipimo na kusema tu kwamba dawa ichanganywe katika maji ya kutosha, na njia hii haifai, kwa kuwa inamwachia mzazi kukisia. Ya pili ni kubadili pakiti yenyewe, kama ilivyofanywa nchini Zambia, ambako kifurushi kinachoitwa Kit Yamoyo kiliundwa kwa pakiti za mililita 200 na kasha lake likatumika kama chombo cha kupimia, cha kuchanganyia na cha kunywea. Ni suluhisho zuri mno, ila mtayarishaji wa katuni hana mamlaka juu ya kiwanda. Ya tatu, ambayo sura hii inaichagua, ni kuifanya pakiti kuwa mhusika mkuu wa tukio: mkono unaigeuza, kidole kinafuata maandishi mpaka kwenye tarakimu za kiasi cha maji, tarakimu hizo zinakua hadi kujaza kioo cha simu, na hapo ndipo chupa yenye kipimo hichohicho inapotokea.

Njia hiyo hudai matoleo mawili ya katuni, moja la lita 1 na jingine la nusu lita, ambayo hutofautiana kwa matukio machache tu. Gharama ya ziada ni ndogo ikiwa imepangwa mapema, na ni kubwa ikiwa imegunduliwa baada ya michoro kukamilika. Kila toleo hubeba alama yake kwenye fremu ya kwanza, yaani picha ya kwanza kabisa ya video, kwa tarakimu kubwa zinazosomeka hata na mtu ambaye hakupata nafasi ya kusoma sana, kwani tarakimu za fedha na za simu huzijua. Msimulizi naye husema wazi kwamba iwapo pakiti iliyo mkononi ina tarakimu nyingine, kipimo cha kufuatwa ni kile cha pakiti, na asiyeielewa amwulize muuza dawa au mhudumu wa afya kabla ya kuchanganya.

Suala la chombo chenyewe nalo linahitaji uangalifu. Vikombe vya nyumbani vina ukubwa tofauti, na sufuria haina alama. Chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa lita 1 au mililita 500 ndicho kipimo kinachopatikana katika nyumba nyingi za mjini na vijijini, mradi ioshwe vizuri kwa maji safi na sabuni. Mchoro uonyeshe tarakimu za chupa, wala usionyeshe nembo ya kampuni, kwa kuwa mtazamaji anaweza kudhani kwamba maji ya kampuni hiyo ndiyo sehemu ya tiba.

*Kwa ufupi: katuni husafiri bila mwalimu wa kuisindikiza, hivyo kila kipimo kinachochorwa lazima kiwe sahihi popote itakapofunguliwa, au kiwe kimefungwa kwa alama inayoonekana kwenye kitu kilicho mkononi mwa mtazamaji.*

Kupanga sekunde

Muswada wa sekunde 90 ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Neno moja la Kiswahili linaweza kubeba mtendaji, wakati na mtendwa, hivyo msimulizi anayesoma kwa utulivu na kuacha nafasi ya kutazama kinachofanyika hawezi kuzidi maneno 160 hivi kwa katuni nzima. Njia ya uhakika ni kusoma muswada kwa sauti huku saa ikihesabu, kisha kukata. Kinachokatwa kwanza ni salamu ndefu, majina ya wafadhili na sentensi zinazorudia kile ambacho mkono uliochorwa tayari unakionyesha.

Baada ya muswada hutengenezwa ubao wa michoro, yaani safu ya picha za penseli zinazoonyesha kila tukio kwa mpangilio wake, zikiwa na maneno ya msimulizi na muda chini yake. Kwa mfano wetu ubao huo ungekuwa hivi:

1. Sekunde 0 hadi 8: Mtoto aliyelegea kidogo mapajani mwa mzazi, na mbele yao pakiti na chupa zenye tarakimu zinazolingana. Sauti inasema kwamba mtoto anapoharisha hupoteza maji na chumvi, na kwamba ORS huvirudisha.
2. Sekunde 8 hadi 16: Mzazi ananawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.
3. Sekunde 16 hadi 30: Pakiti inageuzwa, kidole kinafika kwenye kiasi cha maji, tarakimu zinakua.
4. Sekunde 30 hadi 46: Maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa yanajazwa hadi kipimo, unga wote unamiminwa, chupa inatikiswa hadi unga uyeyuke.
5. Sekunde 46 hadi 64: Mtoto anapewa kwa kijiko. Anatapika. Mzazi anasubiri dakika 10, kisha anaendelea polepole zaidi.
6. Sekunde 64 hadi 76: Mtoto ameharisha tena, na mzazi anampa tena. Mtoto ananyonya pia.
7. Sekunde 76 hadi 90: Macho yaliyodidimia, mtoto anayeshindwa kunywa, choo chenye damu; mzazi anambeba kwenda kituo cha afya huku akiendelea kumpa kijiko kwa kijiko ikiwa anaweza kumeza.

Tukio la 5 limepewa sekunde nyingi kuliko mengine kwa sababu kutapika ndiko kunakowafanya wazazi wengi kuacha. Kipimo cha kawaida ni mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo kwa mtoto wa chini ya miaka 2, na mililita 100 hadi 200 kwa mtoto wa miaka 2 hadi 10, lakini namba hizo zikitajwa zote katika sekunde chache hazitabaki kichwani mwa mtu. Badala yake mchoro unaonyesha robo hadi nusu ya kikombe kwa mtoto mdogo, na mwendo wa kijiko unaonyeshwa kwa kasi yake halisi, bila kuharakishwa, ili mtazamaji ajifunze utaratibu kwa macho. Kwamba mchanganyiko hutumika ndani ya saa 24 na unaobaki humwagwa, hilo linasemwa mwishoni mwa tukio la 4, katika sentensi moja.

Tukio la kutapika linahitaji pia kuonyesha kupita kwa muda, na hapa lugha ya picha inaweza kupotosha. Mshale wa saa unaozunguka haraka ni alama iliyozoeleka kwa watazamaji wa filamu, lakini kwa mtu asiyezizoea picha za namna hiyo unaweza kuonekana kama saa iliyoharibika. Mzazi anayeonekana akimfuta mtoto, akimbeba begani na kutembea naye kabla ya kukaa tena hueleza kusubiri kwa namna inayofahamika, na sauti hukamilisha kwa kutaja dakika 10. Vivyo hivyo alama ya msalaba mwekundu juu ya kosa iepukwe. Katuni ikionyesha soda ikimiminwa kwenye chupa kisha ikachora msalaba juu yake, mtu anayeitazama bila sauti katika daladala yenye kelele anaweza kubaki na picha ya soda na kuusahau msalaba. Ni salama zaidi kuchora lililo sahihi pekee, na makosa yakatajwa kwa sauti.

Faili linalobebeka

Mtazamaji hulipia kila megabaiti, yaani kipimo cha uzito wa faili, kutoka kwenye bando lake, na simu yake mara nyingi imejaa picha za familia. Uzito huo hukadiriwa kabla ya kuchora. Video ya sekunde 90 iliyobanwa kwa kiwango cha kilobiti 440 kwa sekunde, sauti ikiwemo, huwa na uzito wa megabaiti 5 hivi. Kiwango kikiongezwa mara tano, uzito nao huongezeka mara tano. Michoro yenye rangi bapa na mandhari yasiyotikisika hubanwa vizuri sana, ilhali mvua, majani yanayopepea na kamera inayozungukazunguka huongeza uzito au kuharibu picha. Kwa hiyo uamuzi wa kisanii wa kuchora ukuta mtulivu wa jikoni ni uamuzi wa bando pia.

Video ikipita WhatsApp hubanwa tena, na maandishi madogo huwa ya kwanza kufifia. Tarakimu za pakiti zichorwe kwa ukubwa wa angalau robo ya upana wa picha. Umbo la mraba linafaa, kwa kuwa hutazamika vizuri simu ikiwa imesimama, na mtumiaji halazimiki kuigeuza huku mkono mmoja ukiwa umemshika mtoto. Faili la MP4 hufunguka karibu katika kila simu janja, na nakala nyingine ndogo zaidi huandaliwa kwa simu za kubonyeza zenye memori kadi, ambazo hupokea video kwa bluutuuthi.

Spika ya simu ndogo haitoi sauti nzito, hivyo ngoma au gitaa chini ya maneno ya msimulizi husikika kama mvumo unaoyafunika. Muziki uwepo kwenye sekunde mbili za mwanzo, kisha unyamaze. Sauti nayo itunzwe kando na michoro tangu mwanzo, na maneno yoyote yasichorwe ndani ya picha isipokuwa tarakimu za pakiti na chupa pamoja na maandishi ya fremu ya mwisho. Mradi wa Scientific Animations Without Borders, ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, umefanya kazi kwa mtindo huo kwa miaka mingi: michoro ileile huwekewa sauti za lugha na lahaja nyingi. Kwa Kiswahili faida yake ni ya moja kwa moja, kwa kuwa msimulizi wa Bukavu anaweza kusoma muswada kwa Kiswahili cha Kivu, na wa Mombasa kwa Kiswahili cha pwani, bila mchoraji kugusa hata mstari mmoja.

Namba ya simu ya msaada iwe kwenye sauti na kwenye fremu ya mwisho, ambayo hubadilishwa kwa kila nchi. Namba 199 ya Wizara ya Afya huita bure Tanzania, lakini haimsaidii mtazamaji wa Uvira. Fremu hiyohiyo hubeba mwezi na mwaka wa toleo pamoja na jina la taasisi iliyolipitisha, ili anayelipokea kutoka kwa mtu wa tatu ajue limetoka wapi na ni la lini.

Majaribio kabla ya rangi

Majaribio yanafaa kufanywa katika hatua ya rasimu ya video, yaani picha za penseli za ubao wa michoro zilizounganishwa na sauti iliyorekodiwa kwa simu. Rasimu hiyo hutengenezwa kwa siku moja au mbili, na kuibadili si hasara. Wakati huohuo hupelekwa kwa mtaalamu wa afya ya mtoto na kwa ofisi ya elimu ya afya ya wilaya au ya wizara, kwa sababu kosa la kitabibu likigunduliwa baada ya rangi na mwendo kukamilika, kishawishi cha kuliacha lilivyo huwa kikubwa.

Kosa la kawaida ni kuwauliza watazamaji kama wameipenda na kama wameelewa. Kwa adabu ya mgeni na mwenyeji, karibu kila mtu atasema ndiyo. Somo kubwa katika jambo hili lilitoka Bangladesh, ambako shirika la BRAC, kati ya mwaka 1980 na 1990, lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha kina mama zaidi ya milioni 12 kuchanganya maji, chumvi na sukari guru kwa vidole na kiganja. Malipo ya mwalimu yalitegemea kile ambacho mama alikumbuka alipotembelewa tena baadaye, na sampuli za mchanganyiko zilipimwa maabara. Shirika halikutosheka na maneno ya mama. Lilitaka kuona kilichomo kwenye chombo.

Jaribio la katuni linaweza kufuata roho hiyo kwa gharama ndogo. Wazazi 12 hivi, mmoja baada ya mwingine, huoneshwa rasimu mara moja kwenye simu ya kawaida, nusu yao wakianza bila sauti. Kisha kila mmoja hukuta mezani pakiti halisi, chupa safi ya lita 1, ya lita 1.5 na ya nusu lita, kikombe, jagi la maji ya kunywa na kijiko, naye huombwa aandae dawa kana kwamba mtoto wake anaharisha. Mtayarishaji hukaa kimya na kuandika: pakiti imegeuzwa na kusomwa, chupa ipi imechaguliwa, unga wote umetumika au nusu umehifadhiwa, na kuna chochote kilichoongezwa. Sehemu ya wazazi hupewa pakiti ya nusu lita kwa makusudi, ingawa wametazama toleo la lita 1, kwa sababu hiyo ndiyo hali ambayo katuni itakutana nayo ikishavuka mpaka.

Matokeo husomwa kwa makosa, si kwa wastani. Wazazi watatu wakichagua chupa ya lita 1.5, huenda umbo lake ndilo linalofanana na chupa iliyochorwa, na dawa ya kosa hilo ni kuchora chupa fupi na kuzikuza tarakimu. Wanaobakiza nusu ya unga kwa ajili ya kesho wanaashiria kwamba mchoro haukuonyesha pakiti ikiwa tupu, na sekunde moja ya kuikung'uta pakiti na kuigeuza chini inatosha. Mzazi aliyepewa pakiti ya nusu lita akaijazia lita 1 bila kuitazama anaonyesha kosa kubwa zaidi, kwamba tukio la 3 limepita kama pambo. Hapo tukio hilo huongezewa sekunde, hata kama ni kwa kupunguza la 2, na jaribio hurudiwa kwa wazazi wengine ambao hawajaiona rasimu. Baada ya kutazama huulizwa pia swali moja la mdomo: mtoto akiendelea kuharisha jioni, utafanya nini? Jibu lolote linalotaja kuacha dawa au kutafuta ya kuzuia choo hurudisha tukio la 6 mezani.

Rangi na mwendo huanza pale ambapo wazazi wapya, wakiwa na pakiti za aina zote mbili, wanafikia kipimo sahihi bila kusaidiwa. Wiki chache baada ya kuisambaza, mhudumu wa afya wa eneo hurudi katika baadhi ya nyumba zilizopokea video na kuomba aonyeshwe tena namna dawa inavyochanganywa, kwa pakiti iliyopo nyumbani humo, na taarifa yake ndiyo inayoamua toleo la pili libadilishwe wapi.